Kikombe cha Sita

Nyamoita alikuwa akiuza uji mahali barabara ya shamba inapopinda kuelekea kwenye mizani ya chai, chini ya miti michache ya msonobari ambayo wazungu waliipanda na ambayo haikumzuia mtu mvua hata kidogo. Shamba lenyewe lilikuwa na jina lake la kizungu, lakini hakuna mchuma chai aliyeliweza, na wote walisema Kwa Bwana Mrefu. Ilikuwa mwaka wa pili baada ya nzige. Asubuhi za huko juu ni baridi. Ukungu unalala juu ya majani ya chai mpaka jua lipande, na mtu aliyetoka kwenye nyumba ya laini, zile safu za wafanyakazi, bila kitu tumboni anachuma huku vidole vimekufa. Ndiyo maana uji wake ulinunuliwa.

Alikuwa mke wa marehemu Atuti, Mkisii kama yeye, aliyeletwa na mkataba kwenye shamba hilo na kuchukuliwa na homa ya mapafu katika msimu wa mvua nyingi. Alimwachia binti mmoja, Yunia, aliyekuwa anaanza kutembea, na nyumba moja huko kwao Ukisii, ambayo serikali iliitoza kodi kila mwaka, awepo mtu au asiwepo. Shilingi kumi na mbili. Matanga yalipokwisha huko nyumbani, Momanyi, ndugu mkubwa wa Atuti, alikaa na wazee, kisha akamwita.

"Mama Yunia," alimwambia, bila ukali wowote, "mimi sikufukuzi wala sikulazimishi. Ukiweza kulipa kodi ya nyumba yako wewe mwenyewe, kaa kama mwenye nyumba. Lakini nikilipa mimi, basi nyumba ni yangu na wewe uko ndani yake. Hata wazee watasema hivyo."

Momanyi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wake wawili tayari, Nyamoita angekuwa wa tatu. Wa pili alimzidi umri kidogo tu, naye alikuwa amezoea kuamka kabla ya watu wote na kulala baada yao. Nyamoita alikuwa amemtazama mwanamke yule vizuri wakati wa matanga. Aliona jinsi alivyosimama mlangoni kabla ya kuingia katika nyumba yake mwenyewe, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Wiki hiyo hiyo akambeba Yunia mgongoni, akapita njia ya Kaplong na kuendelea kupanda, akarudi Kwa Bwana Mrefu kwa miguu yake. Alikuwa na sufuria moja kubwa, akakopa ya pili.

Biashara ya uji si ngumu kuieleza. Wimbi alilinunua Jumapili kwenye soko la Sigowet, akalisaga kwenye jiwe, akachanganya na unga kidogo wa mtama. Sukari guru aliipata kwa Mhindi. Kuni alinunua kwa akina mama wa Kipsigis waliopita nazo. Kikombe cha bati kiliuzwa senti tano, ile sarafu moja yenye tundu katikati, na katika zile senti tano, nne zilirudi kwenye wimbi na sukari na kuni. Moja ilibaki yake. Sufuria moja ilitoa vikombe ishirini. Siku za mwanzo alimaliza sufuria mbili kila asubuhi, na kila jioni alidumbukiza senti zake ndani ya kibuyu chembamba. Alipofikisha shilingi nane, alianza kulala vizuri.

Kisha akaja Mokeira.

Mokeira alitoka upande mwingine wa milima ya kwao, mwanamke mnene mwenye kicheko, na alikaa hatua chache tu chini yake, karibu zaidi na mizani. Uji wake ulikuwa mwepesi, kila mtu alijua. Lakini alikuwa na desturi ya nyongeza. Ukishamaliza kikombe, anachota tone tu kwa upawa, anakumwagia. "Haya, nyongeza hiyo, mume wangu, ukachume mpaka waone wivu!" Tone lenyewe halikufunika hata chini ya kikombe, lakini watu walicheka, na mtu akicheka asubuhi ya baridi hurudi hapo hapo kesho. Kabla mwezi haujaisha Nyamoita alikuwa anauza sufuria moja tu, na hiyo moja anaiuza kwa kusubiri.

"Na wewe toa nyongeza," karani Ojwang alimwambia.

Ojwang alitoka upande wa ziwani, kijana wa misheni, mwenye kofia na penseli ya zambarau nyuma ya sikio. Kazi yake ilikuwa kwenye mizani: kupima vikapu na kutia alama kwenye tikiti za wafanyakazi. Kila mtu shambani alikuwa na tikiti yake ya siku thelathini. Ukifanya kazi leo, karani anakutia alama. Usipofanya, nafasi inabaki tupu, na mshahara haulipwi mpaka nafasi zote thelathini zijae.

"Nikitoa nyongeza watasema nimemwiga," Nyamoita alisema. "Na mimi sina kicheko kama chake."

"Kweli hiyo. Wewe ukicheka mtu anauliza nani amekufa."

Ilibidi acheke, ingawa hakutaka.

"Unaona?" Ojwang akasema. "Sasa nisikilize, dada yangu. Mtu wa tikiti haachi tikiti yake katikati. Hata akiumwa tumbo anakuja, kwa sababu amekwisha kuanza kuijaza. Wewe wape tikiti ya uji. Mtu akinunua, unaitia tundu. Ikijaa, kikombe kimoja bure. Hatakwenda kwa Mokeira, atasema, 'Aa, tikiti yangu imebaki kidogo.'"

Neno hilo lilimwingia. Usiku ule alimnyonyesha Yunia akiliwaza. Kesho yake Ojwang alimletea kadi, makaratasi magumu ya maboksi yaliyokwisha kutupwa ofisini, ameyakata sawasawa kwa wembe na kupiga mistari ya penseli.

"Nimekupigia nafasi ishirini," alisema. "Thelathini ni nyingi."

Nyamoita alizishika kadi zile. Ishirini! Aliwafikiria watu wake: mzee mmoja aliyekohoa, vijana waliokopa senti tano mpaka mwisho wa mwezi, wachumaji waliokuja leo na kesho hawana senti. Nani angengoja siku ishirini kwa kikombe cha uji? Na Mokeira alitoa tone lake hapo hapo.

"Ishirini ni kuwadanganya," alisema. "Tano. Kikombe cha sita wanakunywa bure."

Ojwang alijikuna shingo. "Tano si haraka sana?"

"Wanafanya kazi siku sita kwa wiki, karani. Tano wananunua, ya sita nawapa. Hata mtoto ataelewa."

"Haya. Uji ni wako."

Ojwang alizikata kadi upya, kila moja ikawa nne. Kwa ajili ya tundu, Nyamoita alitafuta ubavu wa mwavuli uliovunjika, akawa anauweka ndani ya makaa. Mtu akilipa, anautoa ukiwa mwekundu, anautia kwenye kadi, moshi kidogo unatoka, na tundu linabaki na ukingo wa kahawia ambao mwiba hauwezi kuuiga. Watu walipenda moshi ule. Walisimama wakipunga kadi zao hewani zipoe.

Na kweli, walirudi. Wiki ya kwanza sufuria ilikwisha mapema. Wiki ya pili alipika mbili tena, kama zamani, na akasimama katikati ya watu mgongo ukimuuma, Yunia amefungwa mgongoni kwa shuka, akisikia Mokeira huko chini akiita, "Nyongeza! Nyongeza jamani!" na watu wakimpita. Alimwonea huruma kidogo. Alifurahi pia, asiseme uongo.

Wateja wake wakubwa walikuwa watu wa Ombati. Hawa walikuwa vijana wa Kisii, kikundi kimoja, wametoka vilima vile vile vya kina Atuti, wamekuja pamoja na kulala laini moja. Ombati, aliyewazidi umri, ndiye aliyewashikia kila kitu: pesa za kurudi nyumbani, blanketi zilizonunuliwa, hata barua. Walikuwa wakinywa kwake tangu mwanzo. Hata Mokeira alipokuja na kicheko chake, wao hawakuhama.

"Tutamwachaje mke wa Atuti?" Ombati alisema siku moja, akipokea kikombe kwa mikono miwili. "Tukirudi nyumbani tutaulizwa."

"Kunyweni basi," Nyamoita alisema, na akaitia kadi yake tundu.

Jumapili moja alikwenda Sigowet kununua wimbi. Alikuwa amezoea: fedha ya wiki iliyopita inanunua nafaka ya wiki inayokuja, na kinachobaki kinakwenda kwenye kibuyu. Akampa mwenye wimbi kikapu, akapimiwa, akafungua kitambaa. Fedha haikutosha. Alihesabu mara ya pili. Akamwambia mwenye wimbi apunguze.

Njia nzima ya kurudi alifikiria wizi. Nani angeingia katika chumba chake? Alipofika alikagua mlango, akakagua nyasi za paa mahali kibuyu kilipofichwa. Kibuyu kilikuwepo, shilingi nane zilikuwepo, hazijaongezeka hata moja tangu kadi zianze. Alikaa chini. Alikuwa akipika sufuria mbili kila siku, akisaga mpaka mikono inavimba, akiuza zaidi kuliko alivyouza kabla ya kadi, na hakuna kilichoingia. Yunia alikuja akamwekea kijiti magotini, kama zawadi, akaenda kutafuta kingine.

Mchana ule ule alimkuta Ojwang nje ya nyumba za makarani, akifua shati lake.

"Karani, nimeibiwa na sioni mwizi."

Ojwang aliacha shati, akasikiliza. Kisha akachuchumaa, akaomba punje za mahindi. Alizipanga chini, pale kwenye udongo mkavu chini ya ukingo wa paa.

"Nionyeshe kikombe kimoja. Senti tano zinakuja. Ngapi zinatoka?"

"Nne. Moja ni yangu."

Akaweka punje moja kando. "Cha pili?"

"Moja tena."

Walifika vikombe vitano, punje tano kando. "Sasa kile cha sita," Ojwang alisema polepole. "Hakileti senti tano. Lakini wimbi lake?"

"Lipo."

"Sukari? Kuni?"

Nyamoita alinyoosha mkono yeye mwenyewe, akaondoa punje moja, mbili, tatu, nne. Ilibaki moja. Aliitazama ile punje moja. Vikombe sita alikuwa amevikoroga, amevichota, amevikabidhi, na malipo ya kazi yote yalikuwa yale aliyokuwa akiyapata zamani kwa kikombe kimoja.

"Lakini watu wameongezeka," alisema. "Nilikuwa na sufuria moja, sasa mbili."

"Ngoja basi. Sufuria moja, vikombe ishirini, ulipata senti ishirini kwa siku. Sasa vikombe arubaini. Vya bure ni vingapi kwa siku?"

"Sita. Siku nyingine saba."

"Tuseme sita. Unauza thelathini na vinne, unapata senti thelathini na nne. Ondoa nne mara sita, ishirini na nne." Akahesabu kwa vidole. "Kumi. Dada yangu, unapata kumi, na hizo mnazila wewe na mtoto."

"Napika mara mbili na napata nusu."

"Ndiyo hivyo."

"Na nikiuza zaidi?"

Ojwang alizigeuza punje kidoleni. "Zamani kila vikombe vitano vilikuachia tano, sasa vinakuachia moja. Ili upate tu kile ulichokuwa nacho, utalazimika kuuza mara tano. Sufuria tano kila asubuhi, na hiyo bado sijahesabu zile za bure juu yake. Shamba zima halina watu hao."

Shati lilikuwa likidondosha maji kwenye kamba. Nyamoita aliuliza swali lililokuwa likimsumbua tangu Sigowet. "Wale ishirini wa zamani, ambao hawakwenda kwa Mokeira. Wao wangekunywa hata bila kadi?"

"Hilo wewe ndiye unalijua."

Alilijua. Watu wa Ombati. Yule mzee wa kikohozi, ambaye Mokeira alimtania na yeye hapendi utani. Hao wote wasingekwenda popote. Alikuwa amewalipa watu kwa jambo walilokuwa wakilifanya bure. Na wale waliorudi kutoka kwa Mokeira, nao walikuwa wachache, walirudi kwa ajili ya kikombe cha sita, nacho kilimeza faida waliyomletea.

"Ningeacha ziwe ishirini," alisema.

"Hata ishirini sijui. Vikombe ishirini, faida ishirini, unatoa nne, zinabaki kumi na sita. Ungehitaji kuongeza mteja mmoja juu ya kila wanne ulionao ili usipungukiwe. Labda ungeweza. Labda nusu kikombe." Ojwang aliangalia chini. "Mimi ndiye niliyekuletea maneno haya. Nilikuwa nafikiria tikiti, sikufikiria wimbi. Kampuni ya chai haimpi mtu siku ya bure."

"Tano niliitaka mimi."

Waliafikiana hivi: kuanzia kesho hakuna kadi mpya. Zilizoko mikononi mwa watu ziheshimiwe mpaka ziishe, kisha zije kadi za ishirini, na zawadi iwe nusu kikombe.

"Ziko ngapi nje?" Ojwang aliuliza wakati Nyamoita anaondoka.

"Zilizo kwa watu."

"Ndiyo, lakini ngapi?"

Hakujua. Kadi ikijaa na mtu akanywa uji wake, aliitupa motoni. Zile ambazo hazijarudi hakuzihesabu, kwa sababu alidhani mtu mwenye kikombe cha bure hakilazi. Nani ana njaa na chakula chake akakifungia?

Alhamisi ile mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia ilikuwa tope tupu. Alikuwa amesaga unga wa sufuria moja na nusu, kwa sababu ndio ulionunulika. Kabla kengele ya kuita watu kazini haijapigwa, aliwaona watu wa Ombati wakija kwa pamoja, na hawakuvaa magunia ya kuchumia. Walivaa makoti. Blanketi mpya zilikuwa zimefungwa mabegani, mmoja ana mwavuli, mmoja ana kuku ndani ya kikapu.

"Mke wa Atuti!" Ombati aliita kwa furaha. "Tikiti zetu zimejaa jana, tumelipwa. Leo tunarudi nyumbani."

"Safari njema," Nyamoita alisema. Akafikiria mara moja vikombe vyao, kila asubuhi, tangu mwanzo. Vinaondoka.

"Tumekuja kunywa kabla ya njia. Ni mbali."

Akatoa ndani ya koti kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya mkono. Zilikuwa kadi. Zimepangwa vizuri kama noti, zote zimejaa, matundu yote matano na ukingo wa kahawia.

"Nimewashikia vijana," Ombati alisema. "Niliwaambia wasile ovyo ovyo. Mshahara haulambwi kila siku, unangoja tikiti ijae na unakwenda nao nyumbani. Na hizi hivyo hivyo. Ishirini na saba. Kila mmoja anywe kimoja hapa, na vingine ututilie kwenye vibuyu, tutakunywa Kaplong."

Alitabasamu. Alijiona amefanya jambo la busara, na vijana nyuma yake walikuwa wamekwisha kutoa vibuyu.

Nyamoita alishika upawa. Nyuma ya watu wa Ombati, wachumaji wengine walikuwa wakianza kufika, wakiwa na senti tano zao mkononi. Alitazama sufuria. Angeweza kusema hapana. Angeweza kusema kadi hizo zilikuwa za zamani, au kila mtu kimoja tu. Lakini watu hawa wangekuwa nyumbani kesho jioni. Wangekaa kwa Momanyi, wangeulizwa habari za mke wa Atuti, na wangesema: alituandikia deni, kisha akatukatalia. Na hata kama wasingesema, matundu yale aliyachoma yeye mwenyewe, kwa chuma chake mwenyewe.

"Leteni vibuyu," alisema.

Akachota. Vijana walikunywa wakipuliza, wakisifu, wakimtania Yunia aliyekuwa akichungulia begani kwa mama yake.

"Huyu akikua tutamletea ng'ombe!"

"Wewe na ng'ombe gani? Kuku mmoja umembeba, na umemnunua kwa deni!"

"Kuku wangu ana heshima kuliko baba yako."

Walicheka, na Nyamoita alichota. Nyuma yao mtu akauliza, "Mama, mimi nina senti zangu, sitapata?" Akasema, "Ngoja kidogo, baba." Akachota. Mtu yule akangoja, kisha kengele ikapigwa, chuma cha reli kikalia juu ya kilima, na mtu akatukana kidogo, akatelemka kwa Mokeira. Wengine wakamfuata. Yule mzee wa kikohozi alibaki mwisho, na ilipofika zamu yake upawa uligonga chini ya sufuria, ukarudi na maji ya kahawia.

"Si neno," mzee alisema. "Nitakunywa kesho." Naye akatelemka kwa Mokeira, kwa sababu baridi ilikuwa baridi.

Watu wa Ombati walimshika mkono mmoja mmoja. Ombati akamwambia, "Tutamwambia Momanyi uko vizuri. Tutamwambia biashara yako ina watu wengi." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Wakashuka wakiimba.

Ilibaki chini ya miti sufuria mbili tupu, na kwenye kitambaa chake zilikuwepo senti za watu watatu tu waliongoja. Hazikutosha kununua wimbi la kesho.

Alifanya alichojiapia kutofanya. Alipanda kwenye paa, akatoa kibuyu, akachukua shilingi mbili za kodi akaenda kwa Mhindi, ambako wimbi ni ghali kuliko sokoni. Kesho yake alipika sufuria moja. Walikunywa watu wanane. Wawili kati yao walikuwa na kadi zilizojaa. Kesho kutwa akapika nusu. Alipowaambia watu kwamba kadi sasa ni za vikombe ishirini na zawadi ni nusu, walimtazama kama amewapokonya kitu kinywani.

"Juzi tano, leo ishirini?" kijana mmoja alisema. "Mama, na wewe umekuwa kampuni?"

Wenzake wakacheka sana, na neno likashika. Kila aliyepita kwenda kwa Mokeira alimsalimia, "Kampuni, habari ya asubuhi!" Kama asingeanza na tano wasingeona ishirini ni mbaya. Hilo nalo alilijua sasa, na kulijua hakukumsaidia.

Ojwang alikunywa kila siku na kulipa, vikombe viwili viwili, mpaka Nyamoita akamwambia aache, kwa kuwa aliona jinsi alivyokimeza cha pili kwa taabu. Ojwang akasema angemkopesha. Akakataa. Mwanamke mjane anayelipiwa kodi na karani wa ziwani, huko kwao wangempa jina baya, na jina lile lingemwangukia Yunia. Ojwang alielewa, akarudi kwenye mizani yake, na penseli yake nyuma ya sikio.

Shilingi sita zikawa nne. Wakati wa kukusanya kodi ukafika huko Ukisii, na yeye alikuwa bado amekaa chini ya miti, akikoroga uji ambao watu watano wangeunywa, kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya asubuhi.

Momanyi alikuja mwenyewe. Nyamoita alimwona kwa mbali akipanda barabara, amekunja suruali mpaka magotini kwa sababu ya tope, fimbo mkononi. Alisimama mbele ya moto, akavua kofia, na ndani ya utepe wa kofia kulikuwa na karatasi ya risiti, imekunjwa ndogo isilowe.

"Habari za huku, mama Yunia."

"Nzuri, shemeji."

"Ombati alisema biashara ina watu wengi." Akatazama huku na huku. Hakusema kwa dhihaka. "Nilingoja ulete. Mkusanyaji hakungoja. Nimeuza mbuzi, nimelipa."

Nyamoita alichota uji, akampa kwa mikono miwili. Momanyi aliunywa wote, akafuta midomo, akasema ni uji mzuri, mzito. Kule chini Mokeira alikuwa akiita watu, na watu walikuwa wakicheka.

"Nikikupa nne sasa," Nyamoita alisema, "na nane nikazitafuta—"

"Mama Yunia." Alisema pole pole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Imekwisha kulipwa. Wazee wameiona."

Nyamoita alimwaga makaa, akayakanyaga. Sufuria ya kukopa aliirudisha kwa mwenyewe, na ile yake Momanyi aliibeba begani, mdomo ukiangalia chini, ili mvua isijae ndani. Yunia hakutaka kubebwa. Alitaka kutembea, na walimwacha atembee kidogo kwenye tope, mkono mmoja kwa mama yake na mwingine, ambao aliuinua bila kujua nani angeushika, kwa baba yake mkubwa.